Uzi: Kijana aliyejibandika mitindo 14 ya nywele kwenye picha yake ya wasifu, na alichokiona zilipopangwa pamoja

MkataPicha

Wakuu, salaam. Kisa hiki ni cha kijana wa miaka 22. Ameridhia kisimuliwe, mradi jina lake na sura yake visitokee popote.

Ndani ya miezi miwili alibadilisha picha ya wasifu mara 14. Sura ni ileile, nywele tu ndizo zinazobadilika: boksi, kiduku, twisti, dredi za mabegani, afro, nywele za singa zilizochanwa upande, na nyingine nyingi. Zote alizitengeneza kwa programu ya simu ambayo unachagua mtindo, unaugusa, nayo inaubandika kichwani. Nywele zake halisi ni za kipilipili, fupi, zinaanza juu kidogo na pembe mbili za mbele zimeingia ndani. Kwa kifupi, ana komwe.

Faili zilinifikia kwa sababu alitaka ile ya dredi ikuzwe. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini kwenye duara dogo la wasifu inapendeza, lakini ikifunguliwa kubwa dredi zinaonekana kama kofia?

Jibu la swali hilo ni jepesi. Dredi zilipigwa picha mwanga ukitoka kushoto, uso wake ulipigwa mwanga ukitoka juu. Nywele halisi huangusha kivuli kwenye paji la uso, tena kivuli chenye ukingo laini, ila hizi hazikuwa na kivuli hata kidogo. Na pale nywele zinapokutana na ngozi palikuwa na mstari uliokatwa kama kwa mkasi, wakati nywele za mbele kabisa kwa kawaida ni nyembamba na chache, ngozi inaonekana katikati yake. Kwenye duara la upana wa sentimita moja macho hayawezi kuyaona hayo. Picha ikijaa kioo, ndiyo unayaona kwanza.

Kuyarekebisha hayo si kazi kubwa. Unaweka leya tupu, yaani tabaka la picha, chini ya leya ya nywele, unaiweka kwenye hali ya Multiply inayotia giza kilicho chini yake, unapaka kahawia ya giza inayofuata ukingo wa nywele, unailainisha kwa Gaussian Blur, halafu unapunguza nguvu yake hadi asilimia 25 hivi. Ukingo nao unaufungua kwa brashi ndogo, unywele mmoja mmoja.

Lakini kabla ya kugusa chochote nilizipanga picha zote 14 juu ya ile ya asili, kila moja leya yake, mboni za macho zikilala juu ya mboni. Nilitaka kujua programu inakosea wapi. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipojitokeza.

Kwenye picha ya asili, kutoka mwanzo wa nywele hadi ncha ya kidevu ni pikseli 600. Paji peke yake, yaani kutoka nywele hadi nyusi, ni pikseli 240. Kwenye picha 13 kati ya zile 14, nywele zilianza kati ya pikseli 170 na 190 juu ya nyusi. Mitindo tofauti, urefu tofauti, rangi tofauti, lakini zote zimeshusha mwanzo wa nywele kwa kiasi kilekile. Moja tu ndiyo iliyobaki palepale pa asili, nayo ni afro. Ukiangalia tarehe za faili, hiyo afro aliiondoa kabla ya saa moja kupita. Nyingine zilikaa siku tatu, nne, hadi wiki.

Nilimwonyesha tu, bila maelezo. Alizizima na kuziwasha zile leya kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kwa hiyo sikuwa nachagua nywele. Nilikuwa nachagua paji."

Nauleta uzi huu kwa sababu najua humu kuna wapiga picha, vinyozi na washauri nasaha. Kijana anasoma. Ameuliza mawili: je, komwe lake ni kubwa kweli au ni picha? Na kama ni kweli, afanye nini?

---

Selfi_Safi

Mkuu, hapo mchawi ni kamera ya mbele. Lenzi yake ni pana, inavuta kila kitu. Mwambie atumie kamera ya nyuma, komwe litaisha.

---

JichoLaLenzi

Selfi_Safi, umekaribia ila hujafika. Anayepotosha uso ni umbali, lenzi anasingiziwa. Lenzi pana inachofanya ni kukulazimisha usogee ili uso ujae fremu, na huko kusogea ndiko kunakoharibu. Akichukua kamera ya nyuma akaishika kwa mkono uleule, kwa umbali uleule, atapata komwe lilelile, tena limeng'aa zaidi.

Hesabu yake haina ugumu. Kitu kinaonekana kikubwa kadiri kilivyo karibu na kamera. Watu wengi hupiga selfi wakiwa wameinua simu juu kidogo ya kichwa. Tuseme paji liko sentimita 40 kutoka kwenye kamera na kidevu kiko sentimita 50. Gawanya 50 kwa 40, unapata 1.25. Maana yake paji limekuzwa kwa robo nzima kuliko kidevu, na hakuna aliyeediti chochote. Sasa rudi nyuma hadi mita moja na nusu, kamera iwe usawa wa macho. Paji na kidevu viko karibu sawa kwa umbali, tofauti imebaki ndogo mno kuonekana.

Pua nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso walichapisha hesabu kwamba pua ya mwanamume kwenye selfi ya sentimita 30 inaonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko kwenye picha ya mita 1.5. Walifanya hivyo kwa sababu watu walikuwa wakienda kuomba wapunguzwe pua wakiwa wameshika selfi mkononi.

Kwa hiyo apige hivi. Simu aiegemeze mahali imara, usawa wa macho yake, umbali wa hatua mbili kubwa. Aweke ukuzaji mara 2, au apige bila kukuza kisha akate picha baadaye. Asimame akitazama dirisha, mwili umegeuka kidogo, jua lisimwangukie moja kwa moja. Taa ya dari aizime, kwa sababu mwanga wa juu unalifanya paji ling'ae na unaonyesha ngozi ya kichwa katikati ya nywele fupi, hata pale ambapo nywele ni nzito. Aweke kipima muda cha sekunde 10, apige picha kama 20. Halafu apime tena pikseli kama alivyopima MkataPicha. Asikadirie kwa macho, macho yake yamekwisha kuzoea zile 14.

---

DogoWaMtaa

Naombeni jina la hiyo programu wakuu. Nataka kujaribu kiduku.

---

DadaMashine

DogoWaMtaa, mdogo wangu, soma kwanza uzi.

Mimi nazungumzia upande wa kinyozi. Kuna mambo mawili ambayo hizo programu haziwezi kumwambia mtu.

La kwanza ni muda. Nywele za kichwani hukua kama sentimita moja kwa mwezi, zaidi au pungufu kidogo. Dredi za mabegani alizojibandika kwa sekunde mbili ni miaka kadhaa ya kufuga. Tena nywele za kipilipili hujikunja, kwa hiyo unywele wa sentimita 10 ukiuvuta unaweza kuonekana nusu ya hapo, au chini yake, ukiuachia. Kijana anafuga miezi mitano, anajitazama, anaona kama hazikui. Zinakua, ila zinajikunja.

La pili ni hiyo laini ya mbele. Wateja wanaoona aibu na komwe ndio wanaoomba wachongwe ukingo ulionyooka kama rula. Ukingo wa asili haujanyooka, una mawimbi. Ili unyooke, kinyozi inabidi akate zile sehemu zilizotangulia mbele, na kwa kufanya hivyo amesogeza laini nyuma. Wiki ijayo zinaota kidogo, anachonga tena, mkono unateleza milimita moja. Baada ya miezi michache mteja ana paji kubwa kuliko alilokuja nalo, na anaomba apakwe rangi ya kujazia. Rangi ile inapendeza siku ya kwanza, siku ya tatu jasho limeiteremsha kwenye nyusi.

Kijana huyu mwacheni ukingo wa mbele wiki sita bila kuchongwa, tuone laini yake ya kweli iko wapi. Pembeni na kisogoni anaweza kunyolewa kama kawaida.

---

Mkombozi77

Mimi nina tatizo kama lake. Nina mabaka mawili ya duara kichwani, hayana nywele kabisa, yametokea mwezi huu. Nitumie umbali wa mita ngapi yasionekane?

---

DadaMashine

Kaka Mkombozi, lako ni jambo jingine kabisa, na picha haihusiki. Kijana wa uzi huu nywele zake ziko mahali zilipoumbwa kuwa. Wewe zimenyonyoka ghafla. Yanaweza kuwa mapunye, hasa kama pana magamba au panawasha. Yakiwa laini bila magamba, kuna ugonjwa mwingine ambao mwili wenyewe unashambulia mashina ya nywele. Kila ugonjwa una dawa yake na kinyozi hawezi kukuchagulia. Nenda kwa daktari wa ngozi, na mpaka hapo usitumie mashine wala kitana cha pamoja na mtu.

---

Mkombozi77

Nimekuelewa dada. Asante.

---

Nasaha_Taratibu

Salaam. MkataPicha, kabla hatujaenda mbali naomba uulize mambo matatu. Anatumia muda gani kwa siku akihangaikia hilo paji, awe anaediti au anajitazama kwenye kioo? Je, kuna mahali ameacha kwenda kwa sababu hiyo? Na je, akiambiwa na mtu anayemwamini kwamba ni la kawaida, anapumua, au anarudi kuuliza tena baada ya muda mfupi?

Sababu ya kuuliza ni kwamba kuna hali ambayo kasoro ndogo, au isiyoonwa na wengine, inamkalia mtu akilini zaidi ya saa moja kila siku, anajikagua, anajificha, anakosa shule au kazi. Hiyo si majivuno na haitibiwi kwa picha nzuri. Inahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na tiba ya mazungumzo inasaidia. Mtu wa namna hiyo ukimpa rula na pikseli umemwongezea silaha ya kujiumiza. Ndiyo maana nina wasiwasi na ushauri wa kupima tena.

---

MkataPicha

Nimemuuliza. Kuediti ilikuwa kama dakika 20, siku moja moja. Hajaacha kwenda popote, ila hukaa nyuma watu wakipiga picha ya pamoja, na kofia ameivaa karibu kila siku kwa mwaka mzima. Akiambiwa ni la kawaida haamini sana, ila haulizi tena.

Kwa kupima, tumekubaliana apime mara moja tu, mimi ndiye nihesabu.

---

Nasaha_Taratibu

Hapo sawa. Mara moja, basi. Ikigeuka kuwa kila wiki, tuzungumze upya.

---

MkataPicha

Narudi baada ya siku tisa. Alipiga kama JichoLaLenzi alivyoelekeza, picha 22.

Kwenye selfi ya asili paji lilikuwa pikseli 240 kati ya 600, yaani asilimia 40. Kwenye picha mpya ni asilimia 36. Wachoraji wana desturi ya kuugawa uso mafungu matatu yaliyo sawa: nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevu. Kwa desturi hiyo kila fungu lingekuwa asilimia 33 na kidogo. Kwa hiyo katika ziada aliyokuwa anaiona, zaidi ya nusu ililetwa na mkono uliokuwa karibu na simu. Inayobaki ni yake.

Nilimwambia hivyohivyo. Nadhani alitarajia kusikia kwamba komwe halipo kabisa, na kwa siku mbili hakunijibu.

---

JichoLaLenzi

Hilo ndilo nilitaka lisemwe wazi. Umbali unaondoa uongo wa kamera, hauondoi paji. Na ile theluthi ya wachoraji ni kipimo cha kuanzia kuchora, ili mchoraji asipotee. Chukua watu kumi, pima, utaona wengi hawaifuati. Mtu asiitumie kama cheti.

---

Selfi_Safi

Basi asilimia 3 hizo si azishushe kidogo kwa kuediti? Hakuna atakayejua. Kila mtu anaondoa chunusi kwenye picha, mbona hiyo hatusemi?

---

MkataPicha

Swali la haki. Mimi natenganisha hivi: chunusi wiki ijayo haipo, kwa hiyo ukiiondoa picha bado inafanana nawe. Laini ya nywele ipo kila siku. Ukiishusha umetengeneza mtu ambaye wewe mwenyewe huwezi kumfikia, na ukikutana na watu ana kwa ana unakuwa na deni. Kofia yake ya mwaka mzima naiona inatoka humo: picha ilikuwa na nywele za chini, kichwa hakina, kitu cha kuziba lazima kiwepo.

---

Selfi_Safi

Bado naona ni uamuzi wake. Watu wanajipodoa na kwenda kazini.

---

Nasaha_Taratibu

Ni uamuzi wake kweli. Mimi ningeangalia inamfanyia nini: akishaibandika anatulia, au anaanza kuogopa kuonekana?

---

MkataPicha

Alijibu siku ya tatu, na aliomba jambo ambalo sikulifikiria. Alitaka mitindo mitatu aliyoipenda zaidi, boksi, twisti na dredi, ibandikwe upya, lakini safari hii nywele zianzie pale zinapoanzia zake, kwenye picha mpya ya mita moja na nusu.

Kazi yenyewe ilichukua jioni moja. Mitindo ya programu imepigwa kwa vichwa vinavyotazama mbele kabisa, na yeye kwenye picha mpya amegeuka kidogo, kwa hiyo upande wa mbali ilibidi niubane, la sivyo nywele zinaelea nje ya fuvu. Pembe zake mbili nilizichora kama zilivyo.

Matokeo: dredi hazikumvutia tena hata kidogo. Twisti alizipenda. Boksi alisema ni nzuri ila si yake. Kwa hiyo katika miezi miwili yote ile palikuwa na mtindo mmoja aliokuwa anautaka kwa ajili ya nywele zenyewe. Mingine ilikuwa pazia.

---

DadaMashine

Nimefurahi sana. Twisti anaweza kuzipata kweli. Zinahitaji sentimita tano hivi za nywele zikivutwa, kwa hiyo kama anaanzia fupi ni miezi minne hadi mitano. Lakini asikilize: zisikazwe mbele. Nywele zinazovutwa kwa nguvu pembeni na juu ya paji hukatika na kung'oka taratibu, na ikiendelea miaka shina linakufa. Akisukwa akahisi maumivu, au vipele vidogo vikatokea kwenye ukingo, zifumuliwe siku hiyohiyo. Mwenye pembe zilizoingia ndani hana nywele za kupoteza pale mbele.

---

JichoLaLenzi

Je, ameweka picha gani sasa?

---

MkataPicha

Moja ya zile 22, haina hata kivuli kilichoguswa. Ilimpa shida ya ajabu kwanza. Alisema uso umepinda na si yeye. Nikagundua simu yake ilikuwa inageuza selfi zote kama kioo, na hii ya kamera ya nyuma haikugeuzwa. Amejizoea kwa miaka kupitia kioo, watu wengine wanamwona upande wa pili. Nilimtumia zote mbili, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa, bila kumwambia ipi ni ipi. Yeye alichagua ya kioo. Dada yake, bila kujua, alichagua ile nyingine.

Akaiweka ya dada yake.

Wiki iliyopita nilimtania kwamba leya bado zipo, nikitaka naweza kuishusha laini kwa pikseli 10 tu. Akanitumia picha ya zamani ya baba yake akiwa kijana, imekunjika pembeni, komwe limekaa vilevile na pembe zilezile mbili. Chini ameandika: "Hili liache, lina mwenyewe."

---

Mkombozi77

Kofia je? Bado anavaa?

---

MkataPicha

Siku za jua anavaa. Kwenye picha ya pamoja ya juzi alikuwa mstari wa mbele, kofia ameishika mkononi.

---

DogoWaMtaa

Nimesoma uzi wote sasa. Dada Mashine, kiduku kinahitaji sentimita ngapi?

---

DadaMashine

Katikati sentimita tatu zinatosha kuanzia. Ila mdogo wangu, kabla ya kukaa kitini, piga picha ya kisogo chako. Kiduku kinafuata mstari wa katikati hadi nyuma, na mzunguko wa nywele utosini ukiwa umekaa pembeni, nywele pale zitalala upande mmoja hata zikichanwa vipi. Nitumie niione kwanza.